Uzi wa Nusu Mita

Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimwita Macho Makavu, alikuwa na mtego wake wa kila mwaka. Alikuwa akitundika fimbo ya mita moja kwa ncha, kisha akimwita mtu akate uzi wa kuning'inizia gololi, ili ibembee kwa mwendo mmoja na fimbo hiyo. Safari hii akamwita bintiye.

Binti akakata nusu mita bila kusita. Gololi ikaiacha fimbo nyuma, darasa zima likaangua kicheko.

"Theluthi mbili, mbumbumbu wewe! Sentimita sitini na saba! Uzito wa fimbo umesambaa mpaka chini, haujajikusanya katikati."

"Lakini baba, asubuhi nilikuuliza ukaniambia nusu."

"Hapa niite mwalimu," akasema, akifuta machozi ya kicheko.