N Moja Katika Opening

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza cha kidato cha kwanza hapa Ifakara kwa miaka kumi na moja alipoletwa mwalimu mpya, binti aliyekuwa ametoka kumaliza mafunzo ya jeshi kule Chita. Tukagawana mikondo: mimi A, yeye B. Wiki ya tatu tu, wanafunzi wangu wakaanza kuchungulia dirishani kwake.

Alikuwa ameandika hope na hop ubaoni. Hoping, e imeondoka, p moja. Hopping, p mbili. Darasa zima likaruka kwa mguu mmoja huku likitaja herufi. Kanuni hiyohiyo mimi nilikuwa nawanakilisha daftarini, nao wanasinzia.

Wivu ule sikuuita wivu. Niliuita uangalifu. Siku moja nikakuta rundo la madaftari mezani kwake, mwenyewe yuko darasani. Nikapekua, natafuta kosa. Box, boxes. City, cities, lakini boy, boys. Plan, planned. Yote sawa! Nikakaribia kukata tamaa, mara nikaona: mtoto kaandika openning, yeye kakata n moja kwa wino mwekundu. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Nikasubiri chai ya saa nne, walimu wote wakiwa ofisini, daftari lile mkononi mwangu.

"Shikamoo, dada," alinisalimia.

"Marahaba. Huyu mtoto umemwonea. Neno likiishia na irabu moja na konsonanti moja, konsonanti inarudiwa. Ndiyo kanuni."

Akaliangalia daftari. "Kwa neno fupi kama stop, ni kweli, dada. Likiwa na silabi mbili tunasikiliza mkazo. Begin, mkazo uko mwishoni, ndiyo maana beginning ina n mbili. Open, mkazo uko mwanzoni, kwa hiyo n inabaki moja."

Alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. Huruma ile iliniuma kuliko kama angenicheka.

"Nani kakuambia?"

Akanisogezea kamusi. Opening. Nikatafuta na visited: t moja. Watoto walioyaandika hivyo nilikuwa nimewawekea kosa kwa miaka yote ile, kwa mkono wangu, bila wasiwasi wowote.

Kipindi kilichofuata nikaingia mkondo A nikawaambia, "Nilikosea." Nikaandika opening ubaoni. Msichana mmoja wa kijiji cha Kisawasawa akanyoosha mkono.

"Madam, na zile alama zetu?"

Nikakusanya madaftari, nikazirudisha alama, moja moja.

Ijumaa nikamwomba yule binti aje awafundishe wangu habari ya mkazo. Walishangilia kabla hajafika ubaoni. Mimi sikumbuki kushangiliwa hivyo hata siku moja. Nilikaa dawati la nyuma, nikafungua daftari, nikaandika mifano yake yote. Alikuwa anafundisha vizuri mno, na roho ilikuwa inaniuma vilevile.