Siku Yenye Colette Hakuikumbuka

Kwetu Itebero, ukitaka kujua kama mwanamuke anabeba kweli, usiangalie mikono. Angalia paji la uso. Kamba ya kitunga inapita pale, na mwaka kwa mwaka inachimba alama. Ya Colette ilikuwa inangaa. Alibatizwa kwa mapadri, alijua sala zote, lakini mbele ya kuingia mu pori alikuwa anachuma jani moja, anaitemea mate, anaiweka pembeni ya njia, sawa vile mama yake alifanyaga. Nilimuchekaga sana. Yeye alinijibu: "Cheka tu, dada. Pori haikusoma katekisimu."

Mimi njo Joséphine-Marie, muke wa kaka yake. Miaka saba tulibeba mawese pamoja paka Hombo, siku mbili na nusu kwa miguu. Mimi niko muntu wa haraka, mudomo yangu inatangulia akili, na sitaomba muntu ruhusa ya kuwa hivyo. Colette alikuwa muntu wa pole. Alitembea akiimba mito. Iko wimbo ya wanawake wabebaji: kila mto iko na mustari yake, na haurukake mustari, kusudi ujue umefika wapi hata mu ukungu. Kwanza Vyura. Kisha Mawe Meupe. Kisha Mama Mukwe, ule mto wenye kukulowesha paka kifua hata uende na heshima namna gani. Miaka saba yote, Colette hakukosea mto hata mara moja.

Mu mwezi wa kumi na moja, mwaka 1953, dada yangu mudogo Elisabeth alikuwa anaolewa kule Hombo. Tulibeba mafuta ya karamu. Asubuhi ya siku ya pili tulifika Mawe Meupe, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na gogo ya kuvukia ilikuwa inateleza.

"Tungoje jua iikaushe," Colette akasema. "Haraka haina baraka."

"Eh, wewe! Bibi arusi atakungojea wewe?" Nikavuka.

Nyuma yangu nikasikia kishindo. Colette alikuwa chini kwenye mawe, kichwa imegonga upande wa kushoto, juu ya sikio. Macho wazi nusu, lakini hakunisikia. Nilimuita muda wa kusema Baba Yetu nzima na Salamu Maria juu yake. Halafu akaamuka, akaketi, akaniuliza: "Tuko wapi?" Hakukuwa damu, uvimbe tu. Akasema kichwa inamuuma.

Sisi wote wabebaji kichwa ilituumaga. Kila safari. Na kila mara tulisema neno moja tu. Basi, Mungu anisamehe, nililisema: "Ni kamba." Nikamurudishia kitunga, nikaivuta ile kamba vizuri pale pa alama yake, na tukaenda.

Ukungu ilikuwa imeshuka paka magotini. Majani yalikuwa yanatona maji pole pole, na Colette alitembea mbele yangu sawa muntu mwenye kulala. Alichekea miti. "Joséphine-Marie," akasema, "leo kila muti iko na mwenzake." Nikamujibu: "Vizuri, utapata kuni mingi." Akatapika. Nikasema ni muhogo ya jana. Akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia, kwa Elisabeth. Kidogo akauliza tena. Nikamwambia. Mara ya tatu nikamukaripia, aïe, nikamukaripia kabisa, na yeye akaomba radhi kwa sauti ya upole sana. Kichwa, alisema, ilikuwa inazidi. Tukavuka Mama Mukwe, na ngambo akatapika tena.

Halafu akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote, nyepesi, ikipanda mu ukungu. Alikuwa anaimba Vyura. Ule mto tuliuacha nyuma tangu jana.

Mwili wangu yote ikasimama. Nikamutua kitunga, nikatua na yangu, mafuta ya arusi nikayaacha mu pori pale pale. Nikamushika kiuno paka tukatokea barabara ya kamio za mizigo, pahali kulikuwa dispensaire, nyumba ndogo ya dawa.

Infirmier, muuguzi wa pale, aliitwa Symphorien. Mwanaume mwembamba, mwenye kusema pole. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye banki ya mbao wakingoja zamu, wote wananijua, wote wanajua haraka yangu. Akamuuliza Colette jina. Akajibu. Akamuuliza alianguka namna gani. Colette akanigeukia: "Nilianguka?"

Basi Symphorien akaniuliza mimi. "Mama, alizimia?"

"Hapana."

"Alitapika?"

"Hapana."

Ndiyo, nilidanganya. Niliona haya. Nilimuona bwana yangu mu mawazo, nilimusikia akisema: ulimuvusha dada yangu kwa nguvu, akazimia, ukamubebesha tena. Symphorien akamumulika macho na torche: mboni zote mbili sawa. Akamwambia amukamue vidole: mikono yote sawa. Akamuangalia masikio na pua, kama maji ao damu inatoka. Hapana. "Kama iko hivyo," akasema, "apumuzike kidogo, halafu muende pole. Kichwa ikizidi, mumurudishe."

Colette akasimama, akanipa mukono. "Tuende, dada. Wewe njo unajua njia."

Ilinikata moyo. Nikaanza kulia mbele ya ile banki yote, nikasema: "Alizimia! Muda wa sala mbili. Ametapika mara mbili. Anaona miti miwili miwili, anauliza neno moja mara tatu, kichwa inazidi, na nimemutembeza na muzigo."

Symphorien hakunitukana. Angelinitukana ingelikuwa afazali. "Mama," akasema, "mwenye kugongwa kichwa hana ushuhuda. Wewe njo macho yake. Ile yote umetaja, moja tu inatosha muntu aletwe hapa mbio apimwe. Hapana kumubebesha muzigo tena."

Akamulaza, kichwa imeinuka kidogo. Akakataza pombe, akakataza dawa ya usingizi. Kila nusu saa alimuamusha, akamuuliza jina na mahali, akamuangalia macho, akamukamulisha vidole. Mara nne alijibu. Saa kumi ya muchana, alimuita na Colette akaguna tu. Mboni ya kushoto ilikuwa imepanuka. Mukono wa kuume ulikuwa laini sawa bugali.

"Damu inavuja ndani, inakandamiza bongo," Symphorien akasema. "Hapa sina chombo ya ile kazi." Akakimbia mwenyewe paka katikati ya barabara, mikono juu, akasimamisha kamio ya watu wa madini. Kule ospitali kubwa, dokotere alitoboa mufupa ya kichwa, damu ikatoka. Alituambia: kama angeliendelea na safari, tungemuleta amekufa, amekunjwa mu mukeka.

Alirudi Itebero kisha miezi mbili, nywele inaota upya, mukono wa kuume bado muzaifu. Kitunga hakubeba tena. Aliuza chumvi pembeni ya barabara, akalea watoto wa watu, akazeeka na sauti yake nzuri. Lakini ile siku haikumurudilia, hata kipande.

Watu wakimuuliza juu ya kovu, alisema: "Mimi sijui. Ile siku iko kwa Joséphine-Marie. Mumuulize." Na mimi nilipaswa kuisema yote, na uongo wangu ndani, ku soko, mbele ya kanisa, mbele ya bwana yangu, ambaye mara ya kwanza alisimama akatoka inje. Wengi waliona njo malipizi ya uongo wangu, yenye Colette alinichagulia. Hata mimi niliona vile.

Siku moja nikamuuliza kama ni vile. Alinishangaa sana.

"Malipizi gani, dada? Ukiisema yote, bila kuficha, njo naona kama na mimi nilikuwapo."