Uso wa Marehemu na Kitufe cha Auto

Kibanda changu cha picha kiko Laini Saba. Siku hiyo kulikuwa na watu wanne wakingoja picha za pasipoti, na mimi nilikuwa na haraka. Ndipo akaja mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wadogo, mtaa wa Kisumu Ndogo, na shemeji yake kutoka Kawangware. Mumewe alikuwa amefariki, na kesho yake walikuwa wanasafirisha mwili kwenda nyumbani. Alitaka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Picha nzuri ilikuwa moja tu: mumewe ameketi ndani ya nyumba yenye giza, nyuma yake pazia la buluu, mwanga wa dirisha ukigusa kipaji cha uso.

Niliifungua kwenye simu yangu, nikabonyeza mara moja auto, kitufe kinachorekebisha picha chenyewe, nikachapisha.

Mama aliishika, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nilihisi aibu, na kwa aibu nikawa mkali. Nikamwambia simu ndiyo imefanya. Ilikuwa kweli, lakini aliyebonyeza ni mimi. Simu iliona giza limejaa, ikaongeza mwangaza kote, kipaji kikageuka cheupe kama karatasi. Iliona buluu nyingi, ikadhani picha nzima ina rangi mbaya, ikaongeza manjano, na mtu aliyekuwa mweusi tititi akawa rangi ya chungwa.

"Lakini ameng'aa poa!" shemeji akasema. "Wacha ikae hivyo."

"Alikuwa mweusi," mama akamjibu. "Nilimpenda akiwa mweusi."

Nikarudi kwenye picha ya asili, nikaanza kwa mkono. Mwangaza wa jumla sikuugusa sana. Nikapunguza sehemu zenye mwanga mkali ili kipaji kitulie, nikainua vivuli kidogo tu, hadi macho yakaonekana. Rangi niliiacha ilivyokuwa. Kila nilipoinua kidole, shemeji alisema, "Ongeza kidogo." Wale wanne wa pasipoti nao walikuwa wakinung'unika nyuma yao. Nikamwambia shemeji, "Bro, ukisema ongeza tena, nakupa simu uje ufanye mwenyewe."

Mama akasogea karibu na skrini. "Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Alama ndogo chini ya jicho, ambayo mama alisema mumewe aliipata akichomelea vyuma, ilikuwa imeanza kuonekana. Nikachapisha ya pili bila malipo. Mama aliifunga kwenye leso, akaondoka bila kuniaga. Shemeji yeye alibaki, akaniomba ile ya rangi ya chungwa.

"Ya nini?"

"Niweke status. Hii iko smart."

Nikamtumia kwenye simu yake. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jioni nilimpigia simu dada yangu, nikamlalamikia. Akaniuliza ni kwa nini basi nisiache kutumia auto kabisa. Nikamwambia kwa picha za mandhari na vyakula nitaendelea kuibonyeza. Nyuso, hapana.