Masikio ya Mbuzi wa Dastan

Pale Ngenge, wilayani Muleba, mbuzi wa mahari haondoki kijijini mpaka Ildefons Kahangwa amshike masikio. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilimjia tu, kama mvi. Mwenye kijana wa kuoa humwita asubuhi, naye huja na koti lake la kahawia, hata jua liwe kali namna gani. Huchuchumaa mbele ya mbuzi, humtazama macho, meno na kwato, halafu hupitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa sikio la kulia, kisha la kushoto. Hapo watu hunyamaza. Akisema "huyu anaenda", anaenda. Akisimama na kujifuta mikono bila neno, mwenye mbuzi anarudi bandani kutafuta mwingine.

Sheria aliirithi kwa baba yake: mbuzi wa mahari afike kwa wakwe akiwa mzima kama alivyozaliwa. Asiwe amekatwa, asiwe ametobolewa, asiwe na alama ya mtu. Ildefons ana miaka sitini na minane, amepeleka mbuzi hadi Karagwe, na hajawahi kurudishiwa hata mmoja.

Ndiyo maana tangazo la Joanitha lilimkaa vibaya.

Joanitha ni afisa mifugo wa kata, mwanamke mfupi mwenye pikipiki ndefu. Tangazo alilituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, akalibandika kwenye mlango wa ofisi, na Jumapili katekista akalisoma baada ya misa, kati ya ndoa zilizotangazwa na zamu ya kufagia kanisa:

"Nawakumbusha wafugaji wote. Chanjo ni Jumamosi, tarehe 13 Septemba, kwenye kibanio cha mifugo karibu na josho, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Ng'ombe wenye zaidi ya miezi sita watachanjwa homa ya mapafu, shilingi mia tano kila mmoja. Mbuzi na kondoo wenye zaidi ya miezi mitatu watachanjwa sotoka, shilingi mia tatu. Kuku watachanjwa kideri, bure. Ng'ombe, mbuzi na kondoo watavishwa hereni, nazo ni bure. Mnyama mgonjwa asiletwe, nipigieni simu nimfuate nyumbani."

Watu walitoka kanisani wakizungumzia bei, wakaona ni nafuu. Ildefons alitoka akizungumzia hereni.

Sikio linatobolewa, aliwaambia wanaume waliosimama naye kwenye kivuli cha ukuta. Kitu cha plastiki cha njano kinaning'inizwa pale, kina namba, utadhani mbuzi ni mali ya gereza. Sasa wewe mwenye kijana wa kuoa, utampelekea nani mbuzi huyo?

Jirani yake Nicholaus, mwenye vijana watatu na wote hawajaoa, aliuliza kama hakuna namna nyingine. Ildefons akamjibu kwa sauti ya kutoa hukumu.

"Sikio ni kama bahasha ya barua, Nicholaus. Likifika limechanika, mwenye barua atauliza nani kaisoma kabla yake."

Maneno hayo yalipendwa. Yalitembea kuliko tangazo lenyewe. Kufikia Ijumaa yalikuwa yamepita vibanja vyote vya migomba vya upande wa juu, na kila mwenye kijana, hata kijana wa darasa la nne, alikuwa ameamua kwamba mbuzi wake hawaendi.

Ildefons mwenyewe alikuwa na sababu ya karibu zaidi. Dastan, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa anamchumbia Jenifa wa Miembeni, Bukoba mjini, na mahari ilipangwa kupelekwa Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba. Mbuzi wawili walikuwa tayari, beberu mweusi na jike la kahawia lenye soksi nyeupe. Dastan hana baba. Wakwe wakiwakataa mbuzi, ndoa ingesogezwa mpaka baada ya Pasaka, na aibu ingekuwa ya Ildefons peke yake. Kwa hiyo alfajiri ile ya Jumamosi aliwachukua wote wawili akawafunga ndani kabisa ya kibanja, pale migomba inaposhikana majani, akawarushia maganda ya ndizi wasilie.

Mkewe, Adventina, hakubishana naye. Aliwakamata kuku wake kumi na mmoja kabla hajafungua banda, maana kuku wakishatoka nje hakuna wa kuwapata, akawapanga ndani ya tenga na kwenda zake.

Alirudi saa nne, ametulia. Alisimulia kwamba kila kuku aliwekewa tone moja jichoni, akapepesa, basi, kazi imekwisha, na kwamba warudie baada ya miezi mitatu. Alisema ng'ombe walikuwa wengi sana, foleni ilifika barabarani. Mbuzi walikuwa wachache. Joanitha aliuliza mara mbili mbuzi wa upande wa juu wako wapi, na watu wakatazama viatu vyao.

"Ulisema kitu?" Ildefons akauliza.

"Mimi nilipeleka kuku, waitu," Adventina akasema, akaingia jikoni.

Simu ililia saa tano na nusu. Alikuwa Felicitas, shangazi wa Jenifa, ambaye ndiye angepokea mahari pamoja na kaka yake. Ildefons alisimama kuipokea, akafunga na kifungo cha koti. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za mvua, za kahawa, za magoti. Ndipo Felicitas akafika kwenye neno lake. Nyuma ya nyumba yake pale Miembeni anafuga mbuzi saba, alisema, na wao walichanjwa Alhamisi. Lakini ana vitoto vinne vya mwezi mmoja, ambavyo daktari amesema bado havijafikia umri. Mbuzi mgeni asiyechanjwa akiingia na sotoka, vile vinne vitakwenda na maji.

"Kwa hiyo, mkwe wangu, hao wawili waje na hereni zao," alisema. "Na kibali cha kuwasafirisha, kimeandikwa chanjo na tarehe. Asiye na hereni atalala nje ya geti, na mimi sitaona haya kumwacha huko."

Ildefons alisema ndiyo. Alisema ndiyo tena. Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni, huku ukimya ukiendelea kumwambia yale yale.

Akafanya hesabu. Chanjo inahitaji wiki mbili au tatu mwili uikamate, hilo lilisomwa hata kanisani mwaka jana. Kutoka leo hadi tarehe 4 ni wiki tatu kamili. Wiki ijayo itakuwa imechelewa. Alikwenda mbio kwenye migomba, akawafungua mbuzi, akashuka nao kibanioni, koti likimpiga mapajani.

Alifika saa sita na robo. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wanatoka, na Joanitha alikuwa anafunga kisanduku cha barafu.

Alimsikiliza mzee hadi mwisho. Kisha akatoa kichupa kimoja kidogo, akamwonyesha unga uliokauka chini yake. Dozi mia moja, alieleza. Ikishachanganywa na maji yake lazima ichomwe upesi, ndani ya saa moja, maana joto linaiua, na kinachobaki kinamwagwa. Kesho yuko kijiji kingine ambako wamejiandikisha mbuzi themanini, na hiki ndicho kichupa chake cha mwisho mpaka mzigo mwingine uletwe.

"Mbuzi wawili, tata," alisema, akimwita baba kwa Kihaya. "Nimwage dozi tisini na nane? Hizo ni za mbuzi wa watu."

"Wakipatikana wangapi utafungua?"

"Wakifika sabini nafungua, na wa kesho watasubiri mzigo wiki ijayo. Lakini mimi saa saba naondoka. Upande wenu sijui kuna nini mwaka huu. Mbuzi wamekwisha?"

Ildefons alijua walipo. Angeweza kuwahesabu mmoja mmoja na kutaja migomba walikofungwa. Aliwafunga wake kwenye nguzo ya kibanio, akaomba simu yake imsamehe kwa kazi itakayofanya, akaanza kupiga.

Wa kwanza alikuwa Nicholaus, ambaye hakumrahisishia. Aliuliza kama anayeongea ni Ildefons Kahangwa kweli au mtu kamwibia simu. Ildefons akasema ni yeye. Nicholaus akauliza kuhusu bahasha.

"Bahasha nimeifungua mwenyewe," Ildefons akasema. "Nilikosea. Wakwe sasa wanataka mbuzi mwenye hereni, asiye nayo atalala nje. Leta wako wote, na umwambie jirani yako Mashauri alete wake, na usiwaache hata wa kijana mdogo."

Kikaja kicheko kirefu, cha mtu anayekaa chini ili acheke vizuri. Lakini kicheko kilipokwisha, Nicholaus alisema anakuja.

Kila simu ilikuwa hivyo, kwa namna yake. Mmoja alidai arudie neno "nilikosea" mke wake naye asikie. Mwingine alisema atakuja kwa sharti kwamba Ildefons atangulie yeye kuvishwa hereni. Aliwajibu wote ndiyo. Mtu ambaye kwa miaka arobaini neno lake lilikuwa moja, siku ile alilirudia neno lingine mara kumi na nne, na kila mara lilipita kooni rahisi kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Saa saba kasoro dakika kumi njia ya juu ilianza kupiga kelele. Mbuzi walishuka kwa mafungu, wengine wana majani makavu ya migomba mgongoni, ushahidi wa walikokuwa wameshinda. Joanitha alihesabu kwa ncha ya kalamu. Alifika sabini, akapita. Walikuwa themanini na sita.

"Hawa wote walikuwa wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemtaja mtu. Walimtazama tu Ildefons, wote kwa pamoja, na Joanitha akafuata macho yao. Aligonga kichupa kwenye kiganja, akachanganya dawa.

"Mwakani tangazo utalisoma wewe, tata," alisema. "Mimi wananisikia, wewe wanakufuata."

Beberu mweusi alichomwa wa kwanza, chini ya ngozi nyuma ya bega. Kisha koleo la hereni likalia kwenye sikio. Ildefons ndiye aliyemshika kichwa, akafumba macho zaidi ya mbuzi.

Tarehe 4 Oktoba kirikuu, kigari cha mizigo, kiliwafikisha Miembeni saa tatu asubuhi, wazee watano nyuma pamoja na rubisi, pombe ya ndizi, na mbuzi wawili wenye vidonda vilivyokwisha kupona. Felicitas alikuwa amesimama getini na miwani. Alipokea kibali, akakisoma mpaka muhuri, akainama akalinganisha namba za hereni na zile za karatasi, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Ikawa zamu ya Ildefons kusema. Maneno yake ya siku zote, kwamba mbuzi hawa hawana alama ya mtu, yalikuwa hayafai tena, na wazee wenzake walilijua hilo na kumtazama kwa huruma iliyochanganyika na hamu. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa sikio la beberu. Kisha akasema:

"Hawa wawili tuliwatoboa kwa ajili ya vile vitoto vyenu vinne."

Felicitas alivua miwani. Alimtazama, akatazama masikio, akavuta komeo la geti mwenyewe, na mbuzi wakaingia.