Barua Niliyoipokea kwa Mdomo

Shule niliishia darasa la tatu, Tura, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Nilianza na mizinga minne ya magome niliyoitundika mwenyewe porini. Nikapata baiskeli, nikapata duka la asali, leo nina nyumba mbili Cheyo na watoto wangu wote wamesoma kunizidi. Kwa miaka mingi watu wa Igalula na wa Urambo walinikabidhi madumu yao ya asali bila karatasi yoyote. Nikisema Jumanne, ni Jumanne. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu.

Kiwanda kidogo cha kuchuja asali kilipofunguliwa hapa Tabora, walinifuata nyumbani wakanipa kazi ya kusimamia mapokezi. Nilikuwa na dirisha langu. Asali ikija naionja, naipokea. Barua za kwenda kwa meneja pia zilipitia dirishani kwangu, kwa sababu katibu wake alikuwa nusu mwaka yupo, nusu mwaka hayupo. Nilipewa muhuri wa kupokelea. Niliuacha kwenye mtoto wa meza, sikuupenda. Umri wangu ulishapita sitini, kwa hiyo mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kalamu ya kuuongeza alikuwa nayo meneja.

Mwanamke ninayetaka kumsema alikuwa mmoja wa wachujaji. Kazaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, yeye mwenyewe ni raia na karatasi yake ya uraia anayo. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote chumba cha kuchujia. Basi siku moja meneja akaandika ratiba mpya, mimi ndiye niliyeibandika ukutani. Wanawake wote watatu wa Ulyankulu, yeye akiwemo, wakahamishiwa nje kuosha madumu juani. Wale wengine wakabaki ndani kwenye kivuli.

Nilimuuliza meneja kwa nini. Akanijibu mbele ya watu: "Mzee, wateja wakija sitaki wasikie lafudhi ya makazini humo ndani. Hawa watu wa makazi waoshe madumu, wamezoea shida."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilirudi dirishani kwangu.

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alianza kuandika. Nilimwona wakati wa chai, daftari la shule gotini, anaandika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Alipiga picha ratiba ya ukutani, kila wiki ilipobadilishwa. Wenzake wakamtania: "Shoga, unaandika wosia?" Akawaambia, "Ninaandika ya leo, ili kesho nisije nikaambiwa nimeota."

Baadaye nilijua kwamba mtu wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyemwelekeza. Alimwambia aanze na barua ya malalamiko kwa mwajiri, aseme wazi kwamba anabaguliwa kwa mahali anapotoka, aweke tarehe na mashahidi, na ahakikishe ana nakala iliyopokelewa. Asipofanya hivyo, wakimwondoa kazini watasema hawakuwahi kusikia lolote.

Alikuja dirishani saa nne asubuhi, kava la plastiki mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Barua ya meneja, baba. Nakala mbili. Moja ya ofisi, moja yangu. Naomba unigongee muhuri hii yangu na unisainie kwamba imepokelewa."

Ninasimulia haya kama yalivyokuwa. Kusaini nasaini polepole, herufi moja moja kama mtu anayevuka mto, na nyuma ya yule mwanamke palikuwa na vijana wawili wa gari la mizigo wanatazama. Nikapandisha sauti.

"Kwani unaniona mwizi?"

"Hapana, baba. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu! Mji huu mzima nikisema nimepokea, nimepokea. Lete hapa. Neno langu halitoshi?"

Akatazama ile nakala yake, akanitazama mimi. "Linatosha, baba," akasema, akairudisha kwenye kava bila muhuri. Nilijisikia mkubwa. Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa kabisa.

Barua nilimpelekea meneja mkononi, dakika ileile. Akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaitia kwenye droo yake akaifunga na ufunguo.

Jioni ile, nyumbani, simu yangu ikalia ujumbe. Mjukuu wangu akanisomea. Ulitoka kwa yule mwanamke: "Baba, asante kwa kupokea barua yangu ya malalamiko ya ubaguzi leo saa nne. Naomba kujua kama imemfikia meneja." Mimi kuandika kwenye simu siwezi. Nikabonyeza kile kidude cha kurekodi nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shamba lake: "Binti, barua yako nimeipokea na nimempa meneja mkononi mwake. Acha wasiwasi. Neno langu ni neno langu." Nikatuma, nikaenda kula.

Wiki mbili baadaye mikataba ya wachujaji ilifika mwisho. Wote wakaongezewa, isipokuwa wale watatu wa Ulyankulu. Wawili waliondoka wakilia. Yeye alikuja dirishani kuchukua kandambili zake, akasema anakwenda Tume, kwenye usuluhishi wa kazi. Yule mtu wa chama alishamwambia: kwa kuondolewa kazini ana siku thelathini tu za kufungua shauri. Alifungua ndani ya wiki ya kwanza.

Meneja akaniita ofisini. Akanikalisha kwenye kiti cha wageni, hajawahi kunikalisha hapo.

"Mzee, ile barua haikufika."

"Ilifika. Nilikupa mimi."

"Ana muhuri wako?"

"Hana."

"Ana saini yako?"

"Hana."

"Basi haikufika." Akatabasamu. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kukubali, wala nisimdanganye mtu.

Tangu siku ile nikaanza kuiogopa simu yangu. Nilikulia Tura, kwenye njia ya zamani ya misafara, na babu yangu alikuwa mpagazi. Alitukataza watoto kuitikia sauti inayokuita porini upande ule usio na maji. Alisema kuna wenzake waliachwa njiani na mizigo yao ikagawanywa, na wao bado wanaita waambiwe wameachwa wapi. Utotoni nilidhani anatutisha tusipotee. Sasa nikawa na sauti yangu mwenyewe, imekaa ndani ya simu ya mtu mwingine, mji huohuo, inangoja. Nikipita sokoni nikisikia mtu anacheza ujumbe wa sauti, nageuka. Nikiwa kwenye mizinga yangu, nyuki wakivuma, nasikia: neno langu ni neno langu.

Nikajaribu kuifuta. Nikamwambia mjukuu aifute kote kote. Akahangaika nayo, akasema, "Babu, muda umepita. Inakubali kufuta kwako tu. Kwake itabaki." Nikamwambia afute hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu pekee ambaye hakuwa tena na neno langu nilikuwa mimi.

Usuluhishi ukashindikana, shauri likaenda kwenye uamuzi. Kabla ya siku ile meneja akapata orodha ya vielelezo vya yule mwanamke: nakala yake ya barua, daftari, picha za ratiba, na simu yenye ujumbe wa sauti. Simu ileile, hakuibadilisha wala kufuta kitu, na kiapo cha maandishi kueleza ni yake na imetunzwa vipi. Meneja hakutishika.

"Sauti haina uso, mzee. Ukiulizwa, huijui."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, viti vya plastiki, feni inalia. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, anaandika kila kitu kwa mkono. Mwajiri ndiye aliyeanza kuleta mashahidi, nami nilikuwa wa pili. Nikaapa. Nikasema sijapokea barua yoyote kwa mwanamke huyu. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nilidhani uongo mkubwa hivyo ungekwama kooni, kumbe unapita kama maji.

Mtu wa chama akasimama kuniuliza maswali. Akaomba sauti ichezwe. Wakili wa kiwanda akapinga, mama akamsikiliza, akaandika, akaruhusu.

Nikaisikia sauti yangu. Ni jambo baya kusikia mtu anayejivuna na mtu huyo ni wewe wa zamani. Alikuwa na furaha yule mzee. Hakujua.

"Shahidi, hii ni sauti ya nani?"

"Siijui."

Yule mwanamke hakuniangalia. Alikuwa anaitazama simu yake pale mezani.

Mama akainua macho. "Ichezwe tena. Ongezeni sauti."

Ikachezwa tena, na safari hii, mwishoni kabisa, nyuma ya maneno yangu, ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima akiita kutoka mbali: "Mzee! Njoo bwana, ugali unapoa, au mpaka nikulishe?"

Watu wakacheka. Hata wakili wa kiwanda alicheka. Yule ni mke wangu, tumeishi pamoja miaka arobaini na mitatu.

"Shahidi," mama akasema, "nakuuliza mara ya mwisho. Na umeapa."

"Ni yangu," nikasema. "Nilipokea. Nilimpa meneja mkononi, akaifungia kwenye droo. Hakuna muhuri kwa sababu mimi nilikataa kugonga."

Mama aliandika muda mrefu. Kisha akamgeukia wakili, akasema shahidi huyu amekiri kudanganya kwenye kiapo na ataupima ushahidi wake akijua hilo. Lakini sasa ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakubagua, wala si juu ya mlalamikaji kuendelea kulia.

Hawakuweza kuonyesha. Uamuzi ulipotoka, ukaamuru yule mwanamke arudishwe kazini. Wale wawili wengine hawakuwa wamefungua shauri, na siku zao zilikuwa zimepita. Yule mtu wa chama akaenda kuwatafuta Ulyankulu ili waombe kusikilizwa nje ya muda. Sijui kama watakubaliwa. Barua zao hata hazikuwahi kuandikwa, kwa sababu waliona mwenzao ametoka dirishani kwangu bila muhuri. Waliniambia hivyo wenyewe. Hilo ninalo, na nitakufa nalo.

Mkataba wangu haukuongezwa. Sikulalamika, ningelalamika nini?

Siku niliyotoa ushahidi nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote, moja kwa moja, kama nilivyoyasimulia hapa. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Ile mara ya kwanza walipocheza, nami nilisikika?"

"Ulisikika kidogo. Kwa mbali."

"Wewe ulinisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Feni ilikuwa inalia, ningeweza.

"Nilikusikia."

"Na ukasema huijui."

"Nikasema siijui."

Aliendelea kuchambua mpaka mchele wa ungoni ukaisha. Tangu siku hiyo, chakula kikiwa tayari, hupakua akaweka mezani bila kuniita, na mimi huja mwenyewe.