Nilikuwepo Juu ya Tembe

Kwetu Ugogoni ukipewa jina la marehemu unapewa na mambo yake. Mimi nina jina la mama yake baba, aliyekufa kabla sijazaliwa, na baba aliniita mama mpaka siku anaingia kaburini. Akitaka kunichapa alikuwa anaomba radhi kwanza, halafu ananichapa. Shangazi zangu ndio walionipa maisha ya yule bibi, na hawakusema "alikuwa". Walisema, "Siku ile ulikuwa juu ya tembe umeanika mtama."

Basi nilikuwa juu ya tembe. Mtoto wa miaka kumi hivi. Askari wa Mjerumani wakaja kutafuta watu wa kubeba mizigo. Nikalala kifudifudi juu ya lile paa la udongo, punje za mtama zikaninata shavuni. Baba yangu alitoka zizini mikono ina maziwa. Wakamfunga kamba shingoni, wakamuunga na wengine, wakaondoka nao kuelekea jua linakozama. Sikulia, maana ningelia wangetazama juu. Hakurudi.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia maisha yangu yote, na hakuna mtu hapa kijijini Hombolo aliyewahi kuniuliza nina miaka mingapi.

Mjukuu wangu alinirekodi kwa simu. Anasoma chuo kikuu hapo Dodoma, wa kwanza katika ukoo wetu, na nimemjivunia mpaka majirani wamechoka. Somo lake ni masimulizi ya wazee, linafundishwa kwa Kiswahili, na aliambiwa aandike insha juu ya habari moja ya enzi ya Mjerumani aliyoipata kwao. Aliandika yangu. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini nilipoambiwa nitasomwa na mhadhiri, nilivaa kitenge kipya kwenda kuchuma zabibu.

Akarudi Jumamosi moja na sura ya mgonjwa. Akaniwekea karatasi mapajani.

"Mke mwenzangu, umefiwa?" nikamwuliza.

"Soma, bibi."

Alama sita kati ya ishirini. Chini yake palikuwa na vigezo vinne, kila kimoja na alama zake. Kuielewa mada, tatu kati ya nne. Vyanzo, sifuri kati ya sita. Uchambuzi, moja kati ya saba. Lugha na marejeleo, mbili kati ya tatu. Na pembeni, kwa mwandiko mzuri kuliko hata wa padri: "Msimuliaji ana miaka sabini na minne, anasema aliyaona haya kwa macho. Haiwezekani. Mwandishi hakuhoji. Chanzo hakiaminiki, na uchambuzi uliojengwa juu yake hauwezi kusimama."

Niliisoma mara tatu. Nikahisi kama nimevuliwa nguo sokoni.

"Ananiita mwongo."

"Hajasema mwongo, bibi. Amesema chanzo."

"Chanzo ni mimi."

Akanieleza shida yake. Jaribio alikuwa amepata nane kati ya ishirini. Ukijumlisha na hizi sita ni kumi na nne, na bila kumi na sita mtu haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Angerudia kozi mwakani, na walio nyuma yake. Rufaa ilikuwa lazima ifike idarani kabla ya Jumatano jioni.

Tukakaa naye sebuleni akiandika barua. Alikuwa anaandika, ananisomea, anafuta. Kichwa cha habari alikiweka kwa herufi kubwa: YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA ALAMA ZA INSHA. Akamshukuru mhadhiri kwa maoni yake. Akasema anakubali hakueleza kwamba kwao mwenye jina husimulia kwa "mimi". Akaomba kigezo cha pili kitazamwe tena. Halafu akaandika jambo nililolipenda: kwamba hata kama chanzo kina kasoro, kasoro hiyo imeadhibiwa mara mbili, kwenye vyanzo na tena kwenye uchambuzi, wakati mwongozo wa kusahihisha unasema kila kigezo kipimwe peke yake.

"Hapo umempata," nikasema.

"Hapatoshi, bibi." Akaitua kalamu mezani. "Ninahitaji maelezo yako. Uyaandike kwa mkono wako na uweke sahihi."

"Maelezo gani?"

"Kwamba hukuwepo."

Nilimtazama. Alikuwa anaitazama kalamu.

"Nilikuwepo," nikamwambia.

"Bibi, ulizaliwa Mwingereza anakaribia kuondoka."

"Najua nilizaliwa lini. Mimi si kichaa."

"Basi andika hivyo tu. Kwamba uliambiwa."

"Na yule aliyelala juu ya tembe nimfanyeje? Nimsukume aanguke?"

Akaanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea meza, na akasogeza barua isilowe. Kile kitendo cha kusogeza barua ndicho kilichonimaliza. Nikachukua kalamu. Nikaandika: "Mimi sikuwepo. Sikuona kitu. Haya niliambiwa na shangazi zangu." Nikatia sahihi kwa jina lile, jina lake, maana sina jingine. Mkono ulikuwa mzito kama nimeukalia.

Jumanne akaipeleka. Katibu wa idara akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, na mjukuu wangu akanitumia picha yake. Nikailaza simu kifudifudi.

Majibu yalichukua wiki mbili. Alikuja nayo anakimbia tangu barabarani, viatu mkononi, ananiita kwa jina la utani nililompa mwenyewe.

"Mke mwenzangu, nimepata kumi. Nina kumi na nane. Naingia mtihani."

Nikapiga kigelegele. Nilikipiga kwa dhati, jirani akatokea ukutani kuuliza nani kaolewa. Kisha nikamwambia anisomee yote, neno kwa neno, nisikie huyo mhadhiri anavyoomba msamaha.

Hakuomba. Alikuwa na adabu, lakini hakuomba. Aliandika kwamba hoja ya kuadhibiwa mara mbili ni ya haki, uchambuzi umesomwa upya peke yake na umepewa tano badala ya moja. Kigezo cha vyanzo kinabaki sifuri. Mjukuu wangu alitaka kuruka hapo.

"Soma," nikasema.

Akasoma polepole. "Maelezo ya msimuliaji yaliyoambatishwa hayakuwa sehemu ya insha iliyowasilishwa, kwa hiyo hayawezi kupewa alama."

"Maana yake?"

"Maana yake wanasahihisha kile nilichopeleka mwanzo tu. Ukiongeza baadaye hakihesabiwi."

"Kwa hiyo karatasi yangu haikusaidia kitu."

"Ilisaidia, bibi."

"Alama ngapi?"

Akaanza kuikunja ile barua. Ni mtoto mkweli, nilimlea mwenyewe.

"Basi kaniletee niichane."

"Haitoki. Imeshaingia kwenye faili la idara, pamoja na barua." Akanishika goti. "Hakuna anayeyasoma hayo mafaili, bibi. Kweli tena."

Nilimpikia ugali na mlenda, akala akacheka, akalala. Mtihani aliufanya, akafaulu. Sikumlaumu siku hiyo na simlaumu leo. Kosa la kutokueleza lilikuwa lake na lilikuwa langu, na mhadhiri alifanya kazi yake.

Lakini likizo iliyofuata alileta wenzake wawili wanisikilize. Wakaweka simu mkekani. Nikafungua mdomo, nikatafuta ile punje shavuni, sikuipata. Nikasema, "Inasemekana palikuwa na mtoto." Ikaisha kabla chai haijapoa.

"Ndiyo hivyo tu, bibi?" akauliza mmoja wao.

"Ndiyo hivyo tu," nikamjibu. Mjukuu wangu akainama akazima simu.