Kamanga ya Mwanabaraka na Kamanga ya Precious

Mwanabaraka aliisoma ile email mara nne kabla ya kuituma, na mara ya tano akaisoma kwa sauti, ofisini peke yake, kama anatangaza redioni. Jamani, usimcheke. Ilikuwa email yake ya kwanza ya kumkaribisha mfanyakazi mpya. Bosi wake wa utumishi, Bwana Machibya, alikuwa likizo, na kabla ya kuondoka alimwambia, "Huyo binti wa maabara anaanza Jumatatu. Mwandikie wewe."

Mwandikie wewe! Yeye, aliyekaa miaka tisa kwenye meza ya kukata minofu ya sangara, kisu mkononi, baridi mpaka kwenye mifupa. Kompyuta kajifunza jioni jioni kwa kutazama video kwenye simu. Kwenye ukarani wa utumishi ndiyo kwanza ana miezi mitatu.

Na siku yake ya kwanza pale kiwandani anaikumbuka vizuri kuliko harusi yake. Hakuna mtu aliyemwambia chochote. Alikuja na hina mpya mpaka kwenye viwiko, mafuta mazuri, bangili zinalia. Mlinzi akamrudisha getini. "Unakwenda kukata samaki au kuolewa?" Akarudi nyumbani analia njia nzima.

Kwa hiyo hii email aliijaza kila kitu. Njoo na nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kupima afya, picha mbili za pasipoti, namba ya benki, na ya NSSF kama unayo. Usipake kucha rangi, usiweke hina, usijipulizie manukato, hereni na pete acha nyumbani. Koti na buti utapewa hapa, tuambie saizi ya mguu. Chakula cha mchana kipo. Mafunzo ya usafi yanaanza saa mbili kamili Jumatatu, na bila hayo mafunzo huruhusiwi kuingia ndani. Ukiyakosa unasubiri Jumatatu nyingine. Gari la wafanyakazi litakuchukua Kamanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva ni Nurudin, namba yake hii hapa. Ukiwa na swali, jibu email hii. Karibu sana, tunakusubiri kwa furaha.

Hiyo "kwa furaha" aliifuta mara mbili akairudisha.

Jumamosi jibu likaja. "Shikamoo mama. Nashukuru sana. Mguu ni 38. Nimefurahi gari linakuja Kamanga, pale kivukoni ni mlango wa tatu tu kutoka kwetu, nitatoka na chai mkononi. Precious." Mwanabaraka akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mtoto ana bahati huyu!

Sasa sikia. Jumapili saa nne asubuhi yuko kwa Hadiya, msusi wa hapo mtaani kwao Mabatini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimepigwa shoti. Anamsimulia email neno kwa neno, kwa mara ya tatu.

"Kwao Kamanga pale pale," anasema. "Mlango wa tatu. Anatoka na chai!"

Hadiya mkono ukasimama. "Dada Mwana. Kamanga gani?"

"Kamanga si moja? Pale mjini kwenye kivuko."

"Pale kuna geti, dirisha la tiketi na wauza karanga. Nani ana mlango pale? Anakaa kwenye pantoni?"

Mwanabaraka akahisi ule upande uliosukwa unapoa. Maana sisi wa Mwanza mjini tukisema Kamanga ni pale tunapopandia kivuko. Lakini kivuko kinaitwa hivyo kwa sababu kinakwenda Kamanga. Kamanga yenyewe iko ng'ambo, Sengerema, na watu wake, na milango yao, na chai yao!

"Ya Rabi. Atasimama na kikombe upande wa pili wa ziwa."

"Si apande kivuko cha kwanza kesho?"

"Kikifika huku Nurudin kashaondoka. Na Machibya alisema maabara haiwezi kusubiri Jumatatu nyingine, akikosa hii wanamwita yule wa pili kwenye orodha. Hadiya, mtoto anapoteza kazi kwa neno langu mimi!"

Akapiga simu ya Precious. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akaandika email nyingine, halafu akajiambia, mtu gani anafungua email Jumapili? Ndipo akakumbuka barua ya Precious ya maombi ya kazi, aliyoipiga picha ili afanyie mazoezi ya kuchapa. Chini kabisa kulikuwa na mdhamini, Mwalimu Shigela, na namba yake.

Simu ikapokelewa kwa kunong'ona. "Nani? Tuko kanisani."

"Mwalimu shikamoo, samahani sana, namtafuta Precious."

"Marahaba. Yupo mbele yangu, anaimba sauti ya pili. Mimi ndiye kiongozi wa kwaya, mama, mkono mmoja uko hewani hapa."

"Mwambie Kamanga siyo Kamanga!"

"Unasemaje?"

Hadiya akamnyang'anya simu, akaeleza taratibu, maneno sita tu: gari linapakia Mwanza, siyo huko kwenu. Mwalimu akacheka akasahau kunong'ona, na kwaya nzima ikasikika inayumba.

Baada ya ibada Precious mwenyewe akapiga, na nyuma yake mama yake, ambaye alitaka kujua mwanawe atalala kwa nani huko mjini. "Kwangu," Mwanabaraka akajibu. "Kosa ni langu, kitanda ni changu. Wanangu wote wameshaoa, chumba kipo."

"Haya. Lakini hali dagaa, zinamwasha," mama akasema.

"Na anakwenda kupima samaki!"

"Kupima siyo kula."

Saa tisa alasiri Mwanabaraka, aliyekimbia kuandaa chumba kabla kichwa hakijaisha, alikuwa pale kwenye kivuko, khanga kichwani kuficha nusu ya aibu. Abiria wakamwagika: baiskeli, kuku, magunia ya mihogo, na binti mwembamba mwenye begi la mgongoni na bahasha ya vyeti kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama Mwanabaraka."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ningeandika email mimi, ningekuambia Mwanza ndiyo ng'ambo." Halafu upepo ukaibeba ile khanga, na Precious akaziba mdomo, akashindwa, akacheka. "Mama! Huyo msusi alikufukuza?"

Jioni ile, kabla ya kula, ni Precious aliyemalizia kile kichwa, huku Mwanabaraka akimkagua kucha na masikio kama mlinzi wa getini. Kucha safi. Hereni zimeachwa. Cheti cha afya kipo, picha mbili zipo.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu kasoro tano walisimama pale kwenye geti la kivuko wawili, kikombe cha chai mkononi mwa Precious, maana ahadi ni ahadi. Nurudin akasimamisha gari, akashusha kioo. "Huyu ndiye wa ng'ambo? Nilishaanza kutafuta boti."

"Twende, unaongea sana," Mwanabaraka akasema.

Saa mbili kamili Precious alikuwa kwenye mafunzo, koti jeupe, buti 38. Mwanabaraka akafungua kompyuta, akaitafuta ile email ili iwe tayari kwa mgeni mwingine, na pale kwenye habari ya gari akaandika: "Kamanga, upande wa Mwanza mjini, kwenye dirisha la tiketi." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Tafadhali tuambie unalala upande gani wa ziwa."

"Kwa furaha" hakuigusa.